Uyoga wa kichuguu Tabora na Kigoma: namna ya kuuchuma na kuununua bila kutegemea kitunguu wala sarafu

Kila mvua zinapokolea, swali linalonifikia ni lilelile, linabadilika wilaya tu. Leo Urambo, kesho Kasulu: "Tuliuchemsha na kitunguu, hakikubadilika rangi. Mbona watoto wametapika usiku kucha?" Ukiuliza zaidi unakuta familia imefuata kila kitu ilichofundishwa, isipokuwa hakuna aliyeuangalia uyoga wenyewe tangu kofia hadi chini kwenye mzizi.

Mwongozo huu unahusu uyoga mmoja tu, ule unaoota kutoka kwenye makazi ya mchwa. Wataalamu huuita Termitomyces, na una aina nyingi. Nimeuchagua kwa sababu ndio unaouzwa sana barabarani, na pia una ushahidi ambao hata mtu asiye mtaalamu anaweza kuufukua na kuuona kwa macho. Uyoga wa njano wa msituni, na ule mkubwa wa chini ya miyombo ambao wenyeji wengi wanaula, nauacha kwa wazee wa kijiji husika.

## Vitu vya kuandaa

- Kikapu au ndoo yenye mdomo mpana. Ndani ya mfuko wa plastiki uyoga unatoa jasho na kuanza kuoza kabla hujafika nyumbani.
- Jembe dogo au sururu nyepesi, pamoja na kisu. Kisu peke yake hakitoshi. Sababu utaiona hatua ya pili.
- Karatasi nyeupe, karatasi nyeusi na bakuli la kufunikia.
- Mkeka au kanga kuukuu ya kuupangia uyoga.
- Bahasha za karatasi au magazeti ya kufungia mabaki ya sampuli.
- Muda wa usiku mmoja. Usianze kazi hii saa kumi na mbili jioni wakati sufuria la ugali liko jikoni.

## Kwanza, weka kando vipimo vya jikoni

Naanza na hili kwa sababu mtu mwenye kipimo anachokiamini hafukui.

Kitunguu, kitunguu saumu au mchele. Inasemekana vikipikwa pamoja na uyoga vikageuka rangi, uyoga una sumu. Ukweli ni kwamba rangi hiyo inatokana na vimeng'enya na kemikali za kawaida, zilizomo kwenye uyoga wenyewe na kwenye kitunguu. Sumu inayoua haina uwezo wa kugeuza kitunguu rangi. Uyoga mzuri kabisa unaweza kukichafua kitunguu, na uyoga wa kuua ukakiacha cheupe kama ulivyokiweka.

Sarafu au kijiko cha fedha. Fedha huwa nyeusi ikikutana na kemikali zenye salfa, na ndiyo maana yai na kitunguu saumu vinaweza kuifanya iwe nyeusi. Sumu ya uyoga haiigusi. Halafu sarafu tulizonazo mfukoni leo si za madini ya fedha, kwa hiyo hata wanaoamini kipimo hiki hawakifanyi.

Wadudu, konokono au nyani wameula. Mwili wa konokono si mwili wa mtoto wako. Wapo wadudu wanaokula na kukulia ndani ya uyoga ambao ungemuua mtu mzima. Tundu la funza linakuambia uyoga umekaa siku kadhaa, basi.

Kumpa kuku au mbwa kwanza. Hiki kinaonekana cha busara kuliko vyote, na kwa hiyo ndicho kinachopumbaza zaidi. Sumu mbaya kuliko zote, amatoksini, hukaa kimya mwilini kwa saa 6 hadi 24. Mbwa amelishwa saa kumi alasiri, saa mbili usiku bado anatikisa mkia, familia inanawa mikono na kula.

Kuonja. Watu waliougua kwa uyoga wenye amatoksini wakapona wamesimulia kwamba ulikuwa mtamu. Hauna uchungu wala hauwashi.

Kuchemsha na kumwaga maji, au kukausha. Hapa ndipo wengi wanaponibishia, kwa kuwa wameona kwa macho yao. Ni kweli, upo uyoga unaowasha mdomo ambao ukali wake unapungua ukichemshwa na maji ya kwanza kumwagwa. Amatoksini ni jambo jingine kabisa: haiharibiwi na kuchemsha, kukaanga, kukausha juani wala kugandisha. Kofia moja ya ukubwa wa kawaida inaweza kutosha kumuua mtu mzima.

Kwa nini basi vipimo hivi vimedumu? Kwa sababu sehemu kubwa ya uyoga unaoletwa nyumbani hauui. Hata ungekuwa na kipimo cha kurusha kijiti juu, kingekupa jibu la "salama" mara nyingi na kingekuwa sahihi mara nyingi. Siku ambayo si sahihi, aliyekuwa akikisifu huenda asiwepo kusimulia.

Hakuna kipimo cha jikoni kinachoweza kuuliza "kuna sumu?" kikajibiwa. Swali linalojibika ni moja: huu ni uyoga gani?

## Hatua ya 1: Jifunze sura ya huo mmoja, na ya wawili wanaofanana nao

Uyoga wa kichuguu una kofia nyeupe, ya kijivu au ya kahawia, na katikati ya kofia kuna ncha ngumu iliyochongoka, mara nyingi yenye rangi iliyokolea kuliko kofia nzima. Hiyo ncha ndiyo iliyotoboa udongo wakati uyoga unapanda. Chini ya kofia kuna zile kunjo nyembamba zilizojipanga kama kurasa za kitabu. Ni nyeupe, kisha uyoga ukikomaa zinachukua uwaridi hafifu. Shina ni gumu lenye nyuzi, nalo linaendelea chini ya ardhi kama mzizi mrefu unaozidi kuwa mwembamba. Aina nyingine zina pete kwenye shina, nyingine hazina, kwa hiyo pete isikuamulie.

Wa kwanza wa kumwogopa ni wa jamii ya Amanita. Huu unatokea ndani ya yai jeupe, na yai likipasuka ganda lake linabaki chini ya shina kama kifuko, mara nyingi kikiwa kimezama ardhini. Ndani ya jamii hii umo uyoga unaoua na umo unaoliwa sana katika misitu ya miyombo. Bibi aliyekulia Sikonge anautofautisha bila shida. Wewe unayejifunza, kifuko ukikiona, acha. Sisemi kila wenye kifuko una sumu. Nasema huna namna ya kuutofautisha kwa kusoma.

Wa pili ni mkubwa, mweupe, wenye magamba ya kahawia juu ya kofia na pete inayoweza kuteleza ukiisukuma kwenye shina. Unapenda majani mafupi: malishoni, uwanja wa shule, pembeni mwa nyumba. Kunjo zake ni nyeupe ukiwa mchanga, kisha zinageuka kijani kijivu. Ukitaka kuona picha zake andika *Chlorophyllum molybdites*. Kwa kawaida hauui mtu mzima, ila saa 1 hadi 3 baada ya kula unamtapisha na kumharisha hadi ashindwe kusimama, na kwa mtoto mdogo upungufu wa maji wa namna hiyo ni hatari kubwa. Mara nyingi nikielezwa kwamba watu walianza kutapika hata kabla ya kulala, nauliza kwanza kuhusu uyoga huu.

Neno kwa waliohamia. Mtu aliyetoka Kongo, Burundi au hata mkoa mwingine wa Tanzania anakuja na picha ya uyoga wa kwao kichwani, na picha hiyo ni sahihi kwa kwao. Huku anaweza kukuta unaofanana nao ambao hajawahi kukutana nao. Msimu wa kwanza, fuatana na mwenyeji.

Umefanikiwa ukiwa unaweza kumweleza mtu, bila kuangalia popote, tofauti kati ya mzizi na kifuko.

## Hatua ya 2: Fukua, usikate

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo wengi wanapokosea kwa sababu ya usafi. Mtu anakata shina usawa wa ardhi, uyoga unatoka mweupe bila udongo, kikapu kinapendeza. Kifuko kama kilikuwepo kimebaki ardhini, na mzizi kama ulikuwepo umebaki ardhini. Uyoga wa kuliwa na wa kuua, wote wawili sasa ni kofia nyeupe juu ya kijiti cheupe.

Fanya hivi:

1. Chagua uyoga mmoja katika kundi. Usiuguse bado.
2. Chimba pembeni, kama upana wa kiganja kutoka kwenye shina, ukiteremka wima. Ukichimba jirani sana utakata mzizi. Ukiuvuta utakatika wenyewe.
3. Ondoa udongo taratibu kwa ncha ya kisu kuelekea kwenye shina, ukifuata linavyoshuka. Mahali pengine ni sentimita 10 tu, pengine mzizi unapita nusu mita na utachoka kabla ya kuufikia mwisho.
4. Ukifika mwisho utakuta chumba cha mchwa, na ndani yake donge la kahawia hafifu, jepesi, lenye mikunjo na matundu, na juu yake vipunje vidogo vyeupe. Donge hilo ni bustani ya mchwa. Uyoga unaota kutoka hapo na si kutoka kwenye udongo.

Usitegemee kuona kilima kila mara. Bustani za mchwa zinaweza kuwa chini ya shamba lililo tambarare, na mtu akisema "huu si wa kichuguu, hakuna kichuguu hapa" huenda amekosea. Kinyume chake nacho kipo: uyoga kuota juu ya kichuguu hakuufanyi uwe wa kichuguu. Udongo wa kichuguu una rutuba, na uyoga mwingine unaota juu yake kama unavyoota kwingine. Kinachothibitisha ni mzizi uliofika kwenye donge.

Ukishathibitisha mmoja, waliobaki katika kundi hilo wafukue angalau sentimita 10 chini kila mmoja ili uone mwanzo wa mzizi. Usiseme kundi lote ni ndugu. Uyoga wa aina mbili unaweza kuota umbali wa hatua moja.

Donge liache lilipo na urudishe udongo. Mchwa wakibaki salama, mahali hapo panaweza kukupa tena msimu ujao.

Mawili ya kuacha. Uyoga ulio pembeni au ndani ya shamba la tumbaku lililopuliziwa dawa usiuchume, hata ukiwa wa kichuguu halisi. Na wale wadogo mno, wa ukubwa wa kifungo cha shati, wanaotapakaa kwa mamia juu ya ardhi: wapo wa mchwa wanaoliwa, lakini hawana mzizi mrefu wa kukuthibitishia, na uyoga mdogo wa aina nyingine una sumu kali. Hao ni kazi ya mama anayewajua.

Umefanikiwa ukiwa na uyoga mzima mkononi, wenye mzizi na udongo wake, na umeliona donge la mchwa angalau kwa mmoja wa kila kundi.

## Hatua ya 3: Kama unanunua

Barabara ya Tabora kwenda Urambo na Kaliua, au ile ya Uvinza kuja Kigoma, uyoga unauzwa kwa fungu, kwa bakuli na kwa ndoo. Basi linasimama dakika mbili, dirisha linafunguliwa, hela inashuka, ndoo inapanda. Namna hiyo huwezi kukagua chochote. Usinunulie dirishani.

Ukiwa na nafasi ya kushuka, mazungumzo yaende hivi:

"Mwangaluka mayu. Huu umeuchuma wewe mwenyewe?"

"Nimechuma mimi na wanangu, asubuhi hii."

"Nyumbani mnaula huuhuu?"

"Ndiyo, jana tumeula."

"Una wowote wenye mizizi? Nataka kuuona ulivyotoka ardhini."

Swali la mwisho ndilo lenye uzito. Mchumaji mzoefu hatakasirika; mara nyingi atakuchagulia wenye mzizi mrefu na kukueleza ulikotoka. Ukijibiwa "tumeukata wote ili uwe safi", mshukuru uondoke. Si kwamba mama anakudanganya. Huenda uyoga wake ni mzuri kabisa, lakini ushahidi wa kukuthibitishia wewe umebaki porini. Jihadhari zaidi na jibu la "wamechuma watoto", na muuzaji aliyenunua kwa wengine akachanganya ndoo tatu kuwa moja.

Uyoga mkavu uliokatwakatwa nunua tu kwa mtu unayemfahamu ambaye anachuma mwenyewe. Kipande kikavu hakina mzizi, hakina ncha, hakina kifuko.

Kama unajulikana sokoni, waombe wakuletee bila kuukata, na uongeze bei kidogo kwa usumbufu wa kufukua. Wengi wanakata shina kwa sababu wateja ndio waliotaka usafi.

Umefanikiwa ukiwa umenunua fungu ambalo kila uyoga una shina lake mpaka chini, pamoja na udongo.

## Hatua ya 4: Panga kwenye mkeka, kagua mmojammoja

Tuchukue ndoo moja ya lita 10 iliyonunuliwa kwa namna tuliyoieleza. Usiioshe. Mwaga juu ya mkeka kwenye mwanga wa mchana na utenge makundi.

Kundi la kwanza, na ndilo kubwa: kofia za kahawia kijivu zenye ncha katikati, shina linalochongoka kuelekea chini, mzizi umekatika ukiwa na urefu wa kidole hivi. Pasua kila mmoja wima kwa kisu, kofia hadi mzizi. Unatafuta shina linaloingia kwenye mzizi moja kwa moja, bila ganda lililolizunguka na bila uvimbe wa mviringo chini.

Kundi la pili: kofia nyeupe zinazofanana na za kwanza, ila shina limekatwa bapa. Muuzaji alikata hizi chache kabla hujamwambia. Uwezekano mkubwa ni uyoga uleule. Tupa. Najua inauma, maana umelipia, lakini hapa unachokijua ni kofia peke yake.

Kundi la tatu: mbili kubwa zenye magamba ya kahawia, pete inayoteleza, shina lenye uvimbe chini na hakuna mzizi. Kunjo bado ni nyeupe. Mtu mwenye haraka angeziita za kichuguu, kwa kuwa ni kubwa na zimetoka kwenye ndoo moja na wenzake. Weka pembeni, zitapimwa hatua inayofuata ili ujifunze, si ili uzile.

Sasa angalia chini ya ndoo. Kuna vipande vilivyovunjika wakati wa safari. Hivyo vyote tupa. Uyoga wenye sumu haumwambukizi mwenzake kwa kugusana tu, lakini kipande chake kinaweza kuingia sufuriani bila wewe kukijua. Na kama kwenye mkeka umepata hata mmoja wenye kifuko, mimi ningetupa ndoo nzima, kwa sababu aliyeuchuma huo hakuwa anaangalia.

Uyoga uliolegea, wenye utelezi, harufu ya kuoza au funza wengi nao uondoke. Hata uyoga unaoliwa ukioza unaumiza tumbo.

Umefanikiwa ukiwa umebaki na kundi moja tu, na unaweza kueleza kwa nini kila uyoga uko humo.

## Hatua ya 5: Pata rangi ya vumbi la mbegu

Uyoga unazaana kwa vumbi laini linalodondoka kutoka kwenye kunjo, na rangi ya vumbi hilo haibadiliki kirahisi kama rangi ya kofia inavyobadilika kwa jua, mvua na umri.

Chukua kofia moja iliyofunguka vizuri kutoka kila kundi. Kata shina karibu kabisa na kofia. Ilaze kunjo zikiangalia chini, nusu juu ya karatasi nyeupe na nusu juu ya nyeusi, kwa sababu vumbi jeupe halionekani kwenye karatasi nyeupe. Dondoshea tone moja la maji juu ya kofia, funika na bakuli upepo usipeperushe, uache mpaka asubuhi. Uyoga wenyewe uliobaki utandaze mahali penye ubaridi na hewa, usiufunike.

Asubuhi inua kofia polepole:

- Waridi hafifu au maziwa yenye uwaridi: inalingana na uyoga wa kichuguu.
- Kijani au kijani kijivu: ndiye yule wa malishoni. Zile mbili za magamba za kundi la tatu zitakupa rangi hii, hata kama kunjo zake jana zilikuwa nyeupe pe.
- Nyeupe kabisa: si wa kichuguu. Jamii ya Amanita ina vumbi jeupe.
- Kahawia, kutu au nyeusi: si wa kichuguu.
- Hakuna kitu: kofia ilikuwa changa mno, au imekauka. Hujapata jibu, na kukosa jibu si ruhusa ya kula.

Tahadhari kubwa ya hatua hii: vumbi la waridi peke yake si kibali. Upo uyoga wenye sumu ambao nao vumbi lake ni la waridi. Ukitumia rangi hii peke yake utakuwa umebadilisha kitunguu kwa karatasi. Inakubalika pale tu inapoungana na mzizi, na ncha katikati ya kofia, na kutokuwepo kwa kifuko. Yote manne. Likikosekana moja, uyoga hauliwi.

Umefanikiwa ukiwa na karatasi yenye alama ya waridi kutoka kwa uyoga uleule uliopita hatua ya nne.

## Hatua ya 6: Pika, na ubakize

Osha, kata, pika hadi uive kabisa. Dakika 20 za kuchemka zinatosha kwa vipande vya kawaida. Usile mbichi. Karanga, chumvi, nyanya, upendavyo wewe.

Kabla ya kukata, toa uyoga mzima mmoja au miwili, mizizi ikiwemo, ifunge kwenye karatasi na uiweke mahali pa baridi kwa siku 3. Ukienda salama utaitupa. Mtu akiugua, hiyo ndiyo itakayomwonyesha daktari au mtaalamu kilicholiwa.

Anayekula kwa mara ya kwanza maishani ale vijiko vichache, kwa kuwa matumbo ya watu wengine yanakataa hata uyoga mzuri. Usichanganye hili na kipimo cha sumu. Vijiko vichache vya uyoga wenye amatoksini ni vijiko vichache vya sumu.

## Mtu akiugua

Jambo la kwanza ni saa. Andika mlikula saa ngapi na dalili zimeanza saa ngapi. Kutapika kulikoanza ndani ya saa 2 au 3 mara nyingi kunatokana na uyoga unaochoma tumbo. Kutapika kulikoanza baada ya saa 6 au zaidi ni dharura kubwa: mtu kala saa mbili usiku, saa kumi na mbili asubuhi anaanza kutapika na kuharisha. Hiyo ni saa 10, na ndiyo sura ya amatoksini. Ila kuanza mapema hakukuhakikishii kwamba hakuna amatoksini, kwa sababu huenda sufuria lilikuwa na uyoga wa aina mbili. Jasho jingi, mate yasiyokatika na machozi muda mfupi baada ya kula ni sumu ya aina nyingine yenye dawa yake hospitalini, nayo haisubiri.

Kinachowaponza watu ni siku ya pili. Kuharisha kunatulia, mgonjwa anaomba uji, ndugu wanasema amepona. Wakati huohuo ini linaharibika. Siku ya 3 hadi ya 5 macho yanakuwa ya njano, damu inashindwa kuganda, fahamu zinapotea. Kwa hiyo aliyeanza kuugua baada ya saa 6 asiruhusiwe kurudi nyumbani kwa sababu tu amepata nafuu. Ini na figo zipimwe, na zipimwe tena.

Maziwa, mafuta ya mawese au mkaa wa jikoni uliosagwa havitibu sumu hii. Usimlazimishe kutapika. Kama ana fahamu na anaweza kumeza, mpe maji ya chumvichumvi ya pakiti kidogokidogo mkiwa njiani. Anzeni na kituo cha karibu, lakini ombeni mapema rufaa ya hospitali ya mkoa, Kitete kwa Tabora na Maweni kwa Kigoma.

Mkifika, sentensi ya kwanza iwe "tumekula uyoga wa porini jana saa fulani." Msimu wa mvua ndio pia msimu wa kuhara na kipindupindu, na mgonjwa asipotaja uyoga anaweza kutundikiwa dripu, akapata nafuu na kuruhusiwa katika ile siku ya pili. Peleka ule uyoga uliofungwa kwenye karatasi, mabaki ya sufuria, na maganda kutoka jalalani hata kama yamechafuka. Kisha wapitie wote waliokula sufuria lile, pamoja na jirani aliyepelekewa bakuli, wapimwe hata kama wanasema hawajisikii chochote.